Gharama za nyumbani: nusu kwa nusu au kwa uwiano wa mshahara?

Mke anapokea 1,200,000 mkononi, mume 800,000. Kodi, chakula, umeme na maji ni 900,000 kwa mwezi.

Wakigawana nusu, kila mmoja anatoa 450,000. Hesabu imekwisha, hakuna anayeuliza mshahara wa mwenzake. Lakini mume anabaki na 350,000, mke 750,000. Kwa uwiano, mke anatoa asilimia 60, yaani 540,000, na mume 360,000. Wanabaki na 660,000 na 440,000, hivyo mwenye kipato kidogo anapumua.

Ugomvi huanzia kwenye "mkononi". Mume akikopa SACCOS kununua pikipiki yake, akakatwa 200,000, mkononi zinabaki 600,000. Mchango wake unashuka hadi 300,000, na mke anaongeza 60,000. Kwa kweli mke analipia pikipiki! Ondoeni kodi ya mapato na NSSF tu. Makato ya hiari yarudisheni kwenye hesabu.

Uwiano pia hudai kupigwa upya kila mshahara unapobadilika. Mishahara ikikaribiana, nusu inatosha. Mmoja akiishi kwa biashara isiyotabirika, tumieni wastani wa miezi kadhaa, la sivyo uwiano utawachosha.