Uzoefu wangu na programu ya kupanga rosta ya manesi: iko poa ila usiiachie setingi ilizokuja nazo

Nimeitumia wadini kwetu kwa miezi kadhaa sasa, kabla ya hapo tulikuwa tunapanga kwa eksel na kelele. Kwa ujumla naipa nyota nne kwa tano, hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya ofu.

Iko hivi, programu inahesabu zamu kwa tarehe inayoanza. Nesi akipiga naiti ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano anatoka Alhamisi saa mbili asubuhi, lakini kwenye rosta Alhamisi iko tupu kwahiyo inaiita ofu, halafu Ijumaa saa mbili asubuhi inamrudisha kazini! Hiyo Alhamisi mtu ameilala jamani, hajapumzika chochote. Dawa yake ni kuingia kwenye sheria za mapumziko uweke masaa 48 baada ya naiti ya mwisho, hapo anarudi Jumamosi asubuhi na Ijumaa inakuwa ofu ya kweli. Na uiweke kama sheria isiyovunjwa, maana ukiiacha kama "ikiwezekana" siku watu wakipungua hiyo ndo ya kwanza kuvunjwa na rosta inatoka safi tu utadhani hakuna kitu.

Kwenye kugawa naiti sasa ndo nimeipenda, ila napo lazima uchague vizuri. Sisi tuko 12 tunaolala naiti, kila usiku wawili, mwezi wa siku 30 ni naiti 60, kwahiyo ukigawa kichwa kwa kichwa ni tano tano. Shida ni mwenye likizo ya nusu mwezi, ile tano yake inabanwa kwenye siku 15 zilizobaki, yaani akitoka likizo ni naiti juu ya naiti. Kuna sehemu ya kugawa kwa siku ambazo mtu yupo, ukiiwasha wa likizo anapata tatu, tisa wanapata tano na wawili wanapata sita. Hao wawili wataguna, lakini ile ya ziada inahamia kwenye salio la mwezi unaofuata wanapunguziwa, ukizima salio basi kila mwezi unaanza sifuri na anaweza kuumia mtu yule yule bila mtu kugundua. Naiti za wikiendi pia zihesabiwe peke yake, tano za katikati ya wiki na tano zenye Ijumaa na Jumamosi sio kitu kimoja hata kidogo.

Ikikosa watu wa kutosha inaacha nafasi nyekundu badala ya kumbana mtu kimya kimya, hapo nawapongeza. Kinachoniudhi ni kubadilishana zamu, watu wanakubaliana wenyewe kwenye wasap na inchaji asipoingiza salio linakuwa la uongo, wangeweka kitufe nesi aombe mwenyewe na inchaji akubali tu ingekuwa poa zaidi.