Oksijeni ya ziwani: kuifunga ufukweni au maabara?

Ukichota maji ya Ziwa Tanganyika pale Kibirizi, Kigoma, ili kupima oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, unaweza kuifunga palepale kwa kemikali au kubeba chupa mpaka maabara. Mimi nafunga palepale. Natia manganisi salfeti, kisha iodidi yenye alkali, nafunika bila kuacha kiputo hata kimoja. Mashapo ya kahawia yakitokea, oksijeni imeshikwa. Ukibeba maji mabichi, bakteria wanaendelea kuila njiani.

Maabara natia asidi, mashapo yanayeyuka, natitreti mililita 200, yaani natonesha thiosalfeti ya 0.025 M kidogo kidogo huku nikiipima. Rangi ikishakuwa manjano hafifu, natia wanga, maji yanakuwa buluu, naendelea mpaka buluu ipotee. Hapo kila mililita ya thiosalfeti ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Chupa iliyofungwa ufukweni ilitumia mililita 7.1, pacha wake mbichi, 6.2 tu.