Apu za kurekodi presha: tazama saa kwanza

Assalaamu alaykum, na hamjambo nyote mnaotazama. Leo nimekaa barazani kwetu hapa Kisauni. Mezani nina vitu vitatu: mashine ya presha ya mama, simu yake, na karatasi ya kalenda iliyochanwa ukutani, imejaa mwandiko wake wa kalamu ya buluu. Hii karatasi shikeni hapo, tutairudia, maana ndiyo iliyotuokoa.

Wengi mmeniuliza apu gani nzuri ya kuandika vipimo vya presha ili ukienda kliniki umwonyeshe daktari. Nimetumia tatu kwa miezi kadhaa, kwa mama na kwangu. Leo sitawapitisha kwenye rangi na vitufe. Nitawaonyesha kitu kimoja kinachoharibu ripoti kwetu sisi tunaosema Kiswahili, na kinaharibu kimyakimya: saa.

Kwanza tuelewane daktari anataka nini. Mama aliambiwa apime siku saba mfululizo kabla ya kliniki. Asubuhi mara mbili, usiku mara mbili, na kati ya kipimo na kipimo apumzike dakika moja. Asubuhi apime kabla ya chai na kabla ya kidonge. Akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Siku ya kwanza haihesabiwi, kwa sababu siku hiyo mtu bado ana wasiwasi na mashine. Zinabaki siku sita, vipimo ishirini na vinne, kumi na mbili vya asubuhi na kumi na mbili vya usiku. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, hiyo huhesabiwa kuwa presha iko juu. Lakini daktari haangalii wastani peke yake. Anataka kuona asubuhi kukoje na usiku kukoje, kwa sababu mama anakunywa dawa asubuhi, na tofauti ya hizo nyakati mbili ndiyo inamwambia dawa inashika saa ngapi na inaachia saa ngapi.

Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Apu ya kwanza ilikuwa ya bure, yenye matangazo mengi. Sitaitaja jina, kwa sababu nimeona nyingine zina tabia hiyohiyo. Mama hapendi kugusagusa simu. Anapima, anaandika kwenye kalenda, halafu mpwa wangu akitoka shule anaingiza. Mama aliandika hivi, naisogeza karibu na kamera muone: "12 na nusu, 151 kwa 92." Chini yake: "2 na nusu, 126 kwa 78." Kila siku hivyohivyo. Kwa mama, saa kumi na mbili na nusu ni alfajiri, akishaswali na jua linachomoza. Saa mbili na nusu ni usiku, baada ya Isha. Hakuna mtu wa Mombasa atakayemwelewa vingine.

Simu haikumwelewa. Mpwa wangu aliandika alichokiona, 12:30 na 2:30. Apu ikachukua 12:30 kuwa mchana, ikachukua 2:30 kuwa usiku wa manane. Na kwa kuwa hiyo apu inagawa siku vipande viwili tu, AM na PM, vile vya saa nane usiku ikaviita vya asubuhi, na vile vya adhuhuri ikaviita vya jioni. Vipimo vyote vya mama vikageuzwa, cha asubuhi kikawa cha jioni na cha jioni kikawa cha asubuhi. Hakuna namba iliyokosewa hata moja. Jumla ilikuwa sawa, wastani wa wiki ulikuwa sawa, 138 kwa 85. Ndiyo maana hatukushtuka.

Tukapiga chapa ile PDF, tukaenda. Daktari akasoma: asubuhi 127 kwa 79, jioni 149 kwa 91. Akakunja uso kidogo. Mtu anakunywa kidonge asubuhi, halafu presha inapanda jioni kidonge kikiwa bado mwilini? Akamuuliza mama, "Jioni unafanya kazi gani nzito? Unakula chumvi nyingi usiku? Kuna jambo linalokusumbua nyumbani?" Mama akajibu kwa upole, "Daktari wangu, mbona jioni ndiyo nzuri? Inayonitisha ni ya alfajiri." Akafungua mkoba, akatoa hii karatasi ya kalenda. Daktari akaiweka kando ya ripoti, akavilinganisha kidole kwa kidole, ndipo akaona. Kweli ilikuwa kinyume: alfajiri 149 kwa 91, usiku 127 kwa 79. Presha ilikuwa inapanda pale dawa ya jana inapokaribia kwisha, kabla ya kidonge cha leo. Hilo ni jambo tofauti kabisa, na lina majibu tofauti. Akabadilisha mpango wa dawa papo hapo. Alibadilisha nini sisemi, kwa sababu dawa ya mama ni ya mama, isije ikawa mtu huko ameinakili.

Nilirudi nyumbani moyo unanienda mbio. Kama mama asingekuwa na ile karatasi, angetibiwa jioni isiyo na ugonjwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolipima kwenye apu yoyote sasa ni hili. Kabla ya wiki kuanza, ingiza vipimo vinne vya uongo, viwili vya asubuhi na viwili vya usiku. Kumbuka kuondoa au kuongeza sita: saa kumi na mbili na nusu asubuhi andika 6:30 AM, saa mbili na nusu usiku andika 8:30 PM, yaani 20:30 kwa apu inayohesabu saa ishirini na nne. Halafu toa ripoti hapohapo, usingoje siku ya kliniki. Fungua PDF, uangalie vitu viwili. Je, kila mstari una saa yake? Na je, vya alfajiri vimekaa kwenye fungu la asubuhi? Ikiwa ripoti ina grafu tu na vijiuso vya rangi, bila jedwali lenye saa, mimi naifuta apu hiyo. Grafu haikuonyesha kosa letu. Mstari ulipanda na kushuka vizuri tu.

Na kuna mtego mwingine wa saa. Apu nyingi ukifungua kuandika, zinajaza saa ya sasa hivi. Ukiingiza usiku vipimo vya kutwa nzima bila kubadilisha, vyote vinne vinakuwa vya usiku. Dalili yake ni rahisi: ukiona mistari minne ina dakika zinazofuatana, kama 21:04, 21:04, 21:05, 21:06, ujue hiyo ni saa ya kuandika, si saa ya kupima.

Ya pili niliyotumia ni OMRON connect, ambayo inapokea vipimo kutoka kwenye mashine za Omron zenye bluututhi. Hapa hakuna mtu wa kuandika, kipimo kinakuja pamoja na saa yake, na hilo linamaliza tatizo lote nililowaeleza. Pia inaondoa ile tabia ya kuzungusha namba, mtu ameona 148 anaandika 150, ameona 133 anaandika 130. Lakini mashine isiyo na bluututhi haiunganishwi, na zinazouzwa zaidi kwenye maduka ya dawa ya mtaani kwetu ni zile za kawaida. Uliza kabla ya kulipa. Na mashine ya aina yoyote, ukibadilisha betri hakikisha saa yake haikurudi sifuri.

Ya tatu ndiyo ninayotumia sasa na mama: jedwali la Google Sheets, bila apu ya presha kabisa. Safu ya A ni siku, 1 hadi 7. Safu ya B unaandika neno lenyewe, asubuhi au usiku. Hakuna saa hapo, kwa hiyo hakuna cha kupinduka. Safu ya C presha ya juu, safu ya D ya chini, na E ni maelezo, kwa mfano "amesahau kidonge". Vipimo 28 vinakaa kuanzia mstari wa 2 hadi wa 29. Wastani wa asubuhi bila siku ya kwanza ni huu:

```
=AVERAGEIFS(C2:C29,B2:B29,"asubuhi",A2:A29,">1")
```

Kwa presha ya chini badilisha C2:C29 iwe D2:D29. Kwa usiku badilisha neno asubuhi liwe usiku, na uliandike vilevile kila mstari, maana ukiandika "usku" mahali, mstari huo hauhesabiwi na hutaambiwa. Inatoka ukurasa mmoja. Daktari aliusoma kwa muda wa kuvaa miwani.

Jingine nililoliona kwa mama: ile apu ya kwanza ikipata 149 inawaka nyekundu na kuandika hatari. Mama akawa anapima tena na tena mpaka ishuke, asubuhi moja alipima mara sita, na mpwa wangu akaingiza ile ya mwisho nzuri. Vipimo ni vile viwili vilivyopangwa. Usichague.

Wa sukari, kwenu nina neno moja tu leo. Ingia kwenye mipangilio uangalie kipimo. Mashine zetu nyingi hapa zinasoma mmol/L, na apu inaweza kuja ikiwa kwenye mg/dL. Sukari ya 7.2 kwa mmol/L ni kama 130 kwa mg/dL, ukiandika 7.2 mahali pa mg/dL, apu itasema sukari imeshuka vibaya mno. Na kila mstari useme kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, bila hivyo namba haisomeki.

Halafu zile apu zinazokwambia weka kidole kwenye kamera upate presha, msizitumie. Mwaka 2016 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti wa apu moja ya kupimia kwa simu bila mkanda wa mkononi, na zaidi ya watu saba katika kila kumi wenye presha ya juu waliambiwa wako sawa. Presha pima kwa mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, unaokutosha mkono. Simu iandike tu.

Mama ananiita, saa mbili na nusu imefika. Leo ni siku ya nne. Kalenda ipo, kalamu ipo, na baada ya saa mbili na nusu sasa anaandika neno "usiku" kwa mkono wake mwenyewe.