Uzoefu wangu: barua niliyomwandikia mpiga picha wa harusi kuhusu shati la kaka na paji langu linalong'aa

Picha za harusi zilivyokuja nilifurahi kweli, jamaa anajua kazi, ila vitu viwili vikaninyima usingizi. Kaka yangu alikuja na shati jekundu wakati tulikubaliana wanaume wote wavae bluu iliyokoza, na yeye ndo kasimama pembeni yangu kwenye picha kubwa za familia. Halafu mimi paji la uso linawaka kama limepakwa mafuta, ilikuwa jasho na flashi ikapiga moja kwa moja.

Mara ya kwanza nilimwandikia tu "kaka naomba unirekebishie rangi ya shati na uso using'ae". Akarudisha picha sita na zote sikuzipenda. Shati lilikuwa bluu sawa, ila midomo ya watu imekuwa ya zambarau na maua yangu mekundu nayo yamegeuka. Paji nalo limekuwa la kijivu, kama nimepakwa majivu. Nikampigia badala ya kununa, akanielewesha vizuri tu. Rangi ya ngozi zetu na midomo ipo karibu sana na nyekundu, kwa hiyo ukiiambia programu igeuze nyekundu yote inabeba na nyuso, lazima shati lizungushiwe kwa mkono picha moja moja. Na lile paji, sehemu iliyoungua kwa flashi ni nyeupe tupu, haina ngozi ndani yake, ukiipunguza mwanga haileti rangi ya mtu inaleta kijivu.

Basi nikakaa nikaandika upya, naiweka hapa sehemu yake maana hii ndo iliyofanya kazi:

"Habari kaka, pole na majukumu. Naomba marekebisho kwenye picha nne tu, IMG_0412, IMG_0415, IMG_0431 na IMG_0440. Shati la kaka yangu wa kulia liwe bluu kama la mjomba aliyesimama nyuma yake kwenye IMG_0412, chukua rangi hapohapo maana mwanga ni mmoja. Mikunjo ya shati ibaki. Naomba uangalie na shela langu pale linapopita begani kwake, wekundu unaonekana kwa ndani, na kwenye mkono wa gauni kuna wekundu wa shati umeakisi. Kwenye paji langu punguza mng'ao usiumalize, na usilainishe ngozi, alama yangu juu ya nyusi ibaki. Tafadhali tumia mafaili ya RAW kama bado unayo."

Hiyo ya RAW ni muhimu jamani, faili la JPEG tulilopewa limeshabanwa, lile la RAW, yaani picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, linabeba mwanga zaidi na kuna sehemu za paji zilizoonekana nyeupe kumbe ngozi bado ipo. Na msitume skrinishoti ya rangi kutoka mtandaoni kama mimi mwanzo, bluu ya kwenye simu haifanani na bluu ya shati lililopigwa picha kivulini.

Zilivyorudi nikazumu kola kwanza, halafu katikati ya vidole vyangu pale nilipomshika kaka bega, maana huko ndo kazi ya haraka inapojionyesha, unakuta kamstari kekundu kamebaki pembeni. Hakukuwa na kitu. Mikunjo ipo, kivuli cha tai kipo, na shela amelisafisha, sasa bluu ndo inaonekana kwa ndani kama inavyotakiwa. Paji alisema amefanya kwa leya ya juu, anachota ngozi ya pembeni na kuipaka taratibu kwa nguvu ndogo, tena inagusa sehemu zilizong'aa tu. Amebakiza mng'ao kidogo katikati na kwa kweli ndo unafanya uso uwe na umbo, ile ya kwanza ilikuwa bapa kama karatasi.

Moja ilishindikana, IMG_0440, paji lilikuwa limeungua hata kwenye RAW. Akaniambia wazi haina cha kurudisha, ila alikuwa na nyingine ya sekunde hiyohiyo ambayo flashi haikuwaka vizuri, akatoa paji pale akaliweka huku akasawazisha mwanga. Ukijua unaona kidogo kwenye mstari wa nywele, mama yangu hajaona.

Nampa nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu siku yenyewe angeniambia tu "dada bonyeza tishu usoni" kabla ya picha za familia, kubonyeza sio kusugua meikapu ikatoka, tusingefika huku. IMG_0412 ndo tumeichagua iwe ya ukutani, na kaka yangu mwenyewe ameiomba.