TAHADHARI: "Chapa za mbao" za jahazi la Lamu zinazouzwa Kisumu, Nakuru na Kakamega

Kuna muuzaji anazungusha picha ya jahazi mbele ya mji wa Lamu, akisema ni chapa ya mbao: imechongwa kwenye ubao na kuchapwa kwa mkono, nakala 30 pekee. Anaitisha shilingi 6,500 kwa karatasi ya A3, pesa kwa M-Pesa kwanza, kisha karatasi inaletwa na bodaboda ikiwa imekunjwa ndani ya bomba. Hiyo si chapa ya mbao. Ni picha ya kompyuta iliyotolewa kwa printa ya wino. Ukurasa wake hubadilika jina kila mara, kwa hivyo afadhali mjue kuitambua karatasi yenyewe.

Mimi natengeneza fremu hapa Kisumu na nachapa kwa mbao pia. Karatasi mbili za muuzaji huyu ziliniangukia mezani wiki moja, moja ya mama wa Milimani, nyingine ya mwalimu kutoka Kakamega. Moja imeandikwa 4/30 kwa penseli, nyingine 19/30. Kwa macho ya haraka zinapendeza: bahari ya buluu iliyolala bila kivuli, anga la manjano, tanga la rangi ya mchanga, minazi ya kijani, na mistari mieusi minene inayozunguka kila kitu. Juu ya yote unaona nyuzi za karatasi. Ndiyo sura anayoitafuta mtu anayependa chapa za mbao, na muuzaji analijua hilo.

Sasa fikirini chapa ya namna hii hutoka vipi. Mchoraji huchonga ubao mmoja wa mistari mieusi, kisha ubao wa kila rangi. Hapa kuna rangi nne na mistari, basi ni mbao tano, na kila karatasi inalazwa mara tano. Kila inapolazwa husogea kidogo hata fundi awe makini namna gani. Ndiyo maana kati ya buluu na mstari mweusi mara hubaki ufa mwembamba mweupe, mara rangi mbili zinapandana. Ufa huo hauwi sawa kwenye nakala zote: kwenye hii uko kushoto, kwenye ile umehamia kulia, kwenye ya tatu haupo kabisa. Wino nao huwa mzito hapa na hafifu pale, kutegemea ulivyopakwa na mkono ulivyosugua.

Niliziweka zile mbili sambamba. Chini ya omo la jahazi kuna ufa mweupe kati ya maji na mstari. Upo kwenye 4/30, na upo kwenye 19/30, mahali pale pale, unene ule ule. Kulia kwa jua kuna uzi mmoja wa karatasi uliojikunja kama kope. Upo kwenye zote mbili. Hapo shaka iliisha, maana hakuna karatasi mbili duniani zenye nyuzi zilizolala sawasawa. Nikafuata anga kuelekea minazini nikaukuta uzi ule ule tena, halafu tena, kwa nafasi zilizolingana. Aliyetengeneza picha alichukua kipande kidogo cha picha ya karatasi ya kizamani, akakirudiarudia hadi kikajaza anga lote.

Mwalimu alipompigia simu, muuzaji alijibu: "Ubao ni ule ule, lazima zifanane." Jibu hilo litawapata wengi, kwa hivyo nalifafanua. Ni kweli kuna vitu vinavyojirudia kwenye chapa halisi. Ubao ukibanduka kipande, jeraha hilo litaonekana kwenye nakala zote zinazofuata. Mistari ya ukuaji wa mti, ikishika wino, nayo hujirudia. Hiyo ni alama ya ubao. Lakini nyuzi za karatasi si mali ya ubao, na namna rangi ilivyokosana na mstari si mali ya ubao pia. Hivyo viwili vikifanana kwenye nakala mbili, umeuziwa nakala za faili moja.

Ukiwa na karatasi moja tu bado unaweza kuikamata. Ipeleke dirishani asubuhi, uilaze ili mwanga uipige kwa ubavu. Kwenye chapa halisi, vitone vyeupe ndani ya rangi viko pale ambapo karatasi ina kishimo, kwa sababu wino haukufika chini. Ukiinamisha unaviona vishimo vyenyewe. Karatasi ya muuzaji huyu ni laini kabisa. "Nyuzi" zake zimechorwa: kidole hakihisi kitu, na zinapita juu ya buluu, juu ya mstari mweusi, juu ya tanga, kisha zinakatika ghafla picha inapoishia. Pambizo nyeupe haina hata uzi mmoja, ilhali ni karatasi ile ile.

Halafu azima lenzi kwa sonara au fundi wa saa, ile ya kukuza mara kumi. Tazama sehemu ya rangi nyepesi, mfano tanga. Wino wa ubao ni rangi moja iliyojaa. Kwenye hizi utaona vitone vidogo vya manjano, waridi na buluu vilivyonyunyizwa, ambavyo macho yakiwa mbali huviunganisha kuwa rangi ya mchanga. Tahadhari hapa: kukosekana kwa vitone hakuthibitishi kwamba ni ubao. Chapa ya skrini, ile ya fulana na mabango, nayo hutoa rangi bapa isiyo na vitone. Basi geuza karatasi. Iliyosuguliwa kwa mkono mara nyingi huonyesha nyuma alama za kusugua, au mistari iliyosukumwa ikavimba, au rangi iliyopenya. Nyuma ya hizi ni peupe na sawa kama zilivyotoka kwenye pakiti.

Msijaribu kupima kwa kitambaa chenye maji. Kuna chapa halisi zinazotumia rangi za maji, utaiharibu kazi ya mtu.

Kuuza picha ya kompyuta yenye sura ya chapa ya mbao si kosa. Vijana wengi wanazitengeneza vizuri na wanaziuza kama mabango, kwa bei ya mabango. Kosa ni kuandika 4/30 kwa penseli kwenye kitu kinachoweza kutolewa hata mara elfu, na kulipisha watu uchongaji ambao haukufanyika. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu aina na ubora wa bidhaa.

Kabla ya kutuma pesa, itisha picha ya nakala mbili zikiwa sambamba, zimepigwa karibu, na picha ya ubao wa mistari. Ubao huo huwa umechongwa kinyume: jahazi likitazama kulia kwenye karatasi, kwenye ubao linatazama kushoto. Mchapaji wa kweli hufurahi kuuonyesha. Huyu aliombwa na mama wa Milimani akasema mbao zimebaki Lamu, kisha akamfungia simu.

Kama tayari umenunua, usiigundishe kwenye kadibodi wala usiitupe. Weka ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yote na karatasi yenyewe. Mama na mwalimu wanataka kupiga ripoti pamoja polisi. Mwenye nakala nyingine aweke hapa picha mbili, namba ya penseli na ile sehemu ya anga kulia kwa jua, nami nitazilinganisha na hizi zilizopo.