Klipu za wima au za mlalo? Barua kwa mhariri wa video

Kaka, salamu kutoka dukani Eastleigh. Klipu za vitenge ni za aina mbili. Za mlalo zinaonyesha rafu zote vizuri, lakini ukizikata ziwe 9:16 za TikTok, unabaki na chini ya theluthi ya upana, na pindo la kitambaa linatoka nje ya fremu. Za wima nilizipiga mlangoni kwa mwanga wa mchana, kwa hiyo rangi ni ile ile mteja atakayoikuta. Naomba utumie hizo. Ondoa pale ninapotafuta bei, acha sauti ya kitambaa kikikunjuliwa, na tafadhali usiweke filta, itabadilisha rangi. Za mlalo nihifadhie kwa YouTube. Zote ziko Google Drive, maana WhatsApp hubana video zikafifia.