Uzoefu wangu: nilitozwa shilingi 20,000 kwa kuharibiwa picha, kumbe kilichokuwa kinakula fremu za gemu ni vioo vya lori

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lina wiki kadhaa sasa. Nilinunua laptopu ya mtumba katika duka moja la Mwanjelwa, Mbeya, mashine ya aina ile inayotoka maofisini, isiyo na kadi ya picha ya peke yake, ambayo huchora kila kitu kwa chipu iliyomo ndani ya prosesa na kukopa memori ya kompyuta. Sikudanganywa kuhusu hilo. Nilijua ninachonunua, na bei ilikuwa ya haki. Nilitaka icheze gemu moja tu, Euro Truck Simulator 2, kwa sababu baba yangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na sasa miguu yake hairuhusu tena. Nilitaka akae kwenye usukani, hata kama ni wa kwenye skrini.

Gemu lilifunguka, lakini lilikuwa zito mno. Kila lori lilipoingia mjini picha ilikatika-katika, na usukani ukawa unaitikia baada ya kona kupita. Nikairudisha laptopu dukani kuomba ushauri. Muuzaji aliishika kama dakika tano, akapunguza ukubwa wa picha hadi 800x600, akashusha ubora wa picha za juu ya vitu, ambao kwenye menyu unaitwa texture, hadi chini kabisa, akanidai shilingi 20,000 ya "kuongeza spidi". Nilipomwonyesha kwamba bado inakatika, alinijibu mbele ya wateja wengine: "Dogo, hii ni mashine ya kuandikia barua. Ukitaka gemu, ongeza laki tano." Baba alikuwa amesimama pembeni yangu. Mtu mzima wa umri wake hata kiti hakupewa, na hilo limeniuma kuliko fedha.

Nilipofika nyumbani Uyole niliamua kupima mwenyewe, kitu kimoja baada ya kingine, kwa sababu kitu ambacho hakijapimwa ni maneno tu. Gemu hili lina faili la mipangilio linaloitwa config.cfg, ndani ya folda ya Documents, kwenye folda yenye jina la gemu. Gemu likiwa limefungwa, nilitafuta mistari miwili na kuibadilisha isomeke hivi:

```
uset g_developer "1"
uset g_console "1"
```

Ni muhimu gemu liwe limefungwa, kwa sababu linapozimwa huandika upya faili hilo na mabadiliko yako hupotea. Baada ya hapo, ukiwa ndani ya gemu, unafungua dirisha la amri kwa kitufe kilicho chini ya Esc, unaandika `g_fps 1`, na hesabu ya fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde, inatokea kwenye skrini. Nilisimamisha lori kwenye mlango wa kuingilia Rotterdam, mahali penye miti, maghala na magari mengi, nikahifadhi safari hapo, kisha kila nilipobadilisha kitu nilirudi mahali palepale, saa ileile ya mchana, na kutazama namba kwa dakika moja kabla ya kuandika. Ukipima leo barabara kuu na kesho mjini, hujapima kitu.

Jaribio la kwanza ndilo lililonifungua macho. Kwa mipangilio ya duka nilipata fremu 21 kwa sekunde. Nikarudisha ukubwa wa skrini yenyewe, 1366x768, bila kugusa kingine, nikapata 19. Tafakari hesabu hiyo: pikseli za 800x600 hazifiki hata nusu ya zile za 1366x768, kwa hiyo chipu ya picha ilikuwa imepunguziwa zaidi ya nusu ya kazi ya kupaka rangi, lakini faida ilikuwa fremu 2 tu. Maana yake ni kwamba chipu ya picha haikuwa inazidiwa. Aliyekuwa anazidiwa ni prosesa, ambaye kazi yake ni kuiambia chipu, kitu kwa kitu, chora mti huu, chora gari lile, chora nguzo ile. Idadi ya maagizo hayo haipungui kwa kupunguza pikseli. Dalili hii pekee, kwamba umepunguza ukubwa wa picha na fremu hazikupanda, ingemtosha muuzaji kujua kwamba ameshika mahali sipo, na ingekuwa imeniokoa mimi na picha ya ukungu ambayo baba hakuweza kusoma hata kibao cha barabarani.

Nani basi alikuwa anaongeza maagizo? Nilibonyeza kitufe cha 2 ili niangalie lori kwa nje badala ya kukaa ndani ya kabini, na fremu zikaruka juu mara moja. Nikarudi ndani kwa kitufe cha 1, zikaanguka. Tofauti kubwa ya mitazamo hiyo miwili ni vioo. Kila kioo cha lori ndani ya gemu hili ni kamera yake yenyewe: gemu linachora barabara iliyo mbele, kisha linachora tena barabara ya nyuma kwa ajili ya kioo cha kushoto, tena kwa cha kulia, na tena kwa vile vidogo vya pembe pana. Prosesa anayechechemea kwa kuchora mji wa Rotterdam mara moja, alikuwa analazimishwa kuuchora kwa vipande mara kadhaa ndani ya fremu moja.

Nilishusha ubora wa vioo hadi kiwango cha chini na kufupisha umbali unaoonekana ndani yake. Fremu zilipanda kutoka 19 hadi 27. Kwa kuwa hesabu ya fremu hudanganya, nilizigeuza kuwa muda: fremu 19 kwa sekunde ni takribani milisekunde 53 kwa kila fremu, na 27 ni milisekunde 37, kwa hiyo kushusha vioo peke yake kuliokoa milisekunde 16 hivi. Huo ni muda wa kutosha kuchora fremu nzima kwenye kompyuta inayotoa fremu 60. Na picha ilipungua nini? Kwenye kioo chenye upana wa vidole vitatu, miti ya mbali sana haionekani tena. Tela lako unaliona, gari linalotaka kukupita unaliona. Vioo sikuvizima kabisa, ingawa ningepata fremu nyingine zaidi, kwa sababu baba hawezi kuendesha bila vioo. Aliyeshuka mlima wa Kitonga na mzigo mgongoni anatazama kioo kabla hajatazama mbele.

Kilichofuata kwa gharama ni vivuli. Ili gemu lijue kivuli kinaangukia wapi, linalazimika kuichora mandhari tena kutoka upande wa jua, kwa hiyo kila mti unahesabiwa upya, na ndiyo maana vivuli navyo humwelemea prosesa huyohuyo. Kutoka kiwango cha juu kwenda cha chini nilipata fremu 32 badala ya 27. Kingo za vivuli zimekuwa na meno-meno ukitazama kwa makini ukiwa umesimama, lakini lori likitembea huoni. Ukivizima kabisa, hata hivyo, malori yanaonekana kama yanaelea juu ya lami, kwa hiyo niliishia kwenye kiwango cha chini. Kisha nilizima SSAO, ambayo huongeza giza kidogo kwenye pembe na chini ya magari, nikafika 34. Nilimwita mdogo wangu, nikaiwasha na kuizima mara tatu bila kumwambia nimefanya nini, naye hakuona tofauti hata mara moja.

Baada ya hapo nilirudisha vile ambavyo muuzaji alivikata. Texture nilizipandisha kutoka chini kabisa hadi juu, na fremu zilibaki 34. Hazikupungua hata moja, kwa sababu texture huchukua nafasi kwenye memori na si muda wa prosesa, na memori ya mashine yangu inatosha. Ningekuwa na memori ndogo, ningeona gemu likikwama kwa ghafla kila linapopakia mtaa mpya, na hapo kweli ningezishusha. Anisotropic filtering, ambayo huifanya michoro ya lami iliyo mbali ionekane safi badala ya kuwa kama imepakwa mafuta, niliiweka katikati, nikapoteza fremu 1. Sasa kibao cha bluu kinasomeka kabla hujafika kwenye njia panda, na mistari ya barabara inaonekana hadi mbali. Yaani muuzaji yule alikuwa amekata vitu vinavyoonekana kuliko vyote na visivyogharimu kitu, akaviacha vile vinavyokula bila kuonekana.

Nilijaribu pia kupunguza pikseli kwa njia ya faili lilelile, sasa kwa kuwa prosesa alikuwa amepumua:

```
uset r_scale_x "0.75"
uset r_scale_y "0.75"
```

Hapo pikseli zinazochorwa zinabaki kama asilimia 56, na safari hii fremu zilipanda kutoka 33 hadi 40, ushahidi kwamba mzigo ulikuwa umehamia kwenye chipu ya picha. Lakini maandishi ya vibao yalirudi kuwa ukungu, nikaweka tena 1. Fremu 33 zinazotulia zinatosha kuendesha lori.

Kwa haki, niongeze kosa lililokuwa langu. Siku za mwanzo nilikuwa nachezea juu ya blanketi kwa sababu ya baridi ya Uyole, na baada ya robo saa fremu zilianguka hata kama sijabadilisha chochote. Matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na prosesa ilikuwa inajipunguza kasi ili isiungue. Fremu zikianza vizuri kisha zikashuka polepole, usihangaike na mipangilio. Iweke mashine juu ya meza na uisafishe vumbi.

Nilikuwa nimepanga kulipa duka hili nyota moja. Kisha baba alipofika Rotterdam, akarudisha tela kinyumenyume hadi ghalani kwa kutazama kioo cha kushoto bila kugusa ukuta, nikasema mashine waliyoniuzia ni nzuri kwa bei yake, wapewe tatu. Juzi nikapita dukani kwa nia njema kabisa kumwonyesha muuzaji, nikidhani wateja wake wengine watafaidika. Alitazama skrini, akasema: "Si unaona sasa inacheza? Kazi yangu hiyo." Nikamwomba anirudishie shilingi 20,000, akageukia mteja mwingine. Laptopu naisifia na sitaiuza. Duka ninalipa nyota moja.